Jinsi kikomo cha mkopo kinavyozuia agizo la mteja

Biashara ya jumla huanza kwa kotesheni, ambayo hutaja bei na muda ambao bei hiyo itadumu. Mteja akiikubali hutoa agizo. Bidhaa hupakiwa na kusafirishwa zikiandamana na hati ambayo mteja hutia sahihi anapozipokea. Kisha ankara huandikwa, na hatimaye malipo hufanywa.

Anayeuziwa kwa mkopo huwekewa kikomo cha deni. Kikomo hicho huchunguzwa agizo linapopokelewa na, kwa wauzaji wengi, tena kabla ya lori kupakiwa. Hapo ndipo maagizo mengi hukwama.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi sokoni Mukuyuni, Kaunti ya Makueni, anayenunua saruji kwa muuzaji wa jumla wa Machakos. Kikomo chake ni Sh500,000, na kila ankara hulipwa katika siku 30. Ana ankara za Sh320,000 ambazo hazijalipwa. Sasa anaagiza magunia 200 kwa Sh750 kila moja, ushuru ukiwemo, yaani Sh150,000.

Kwa hesabu yake, jumla ni Sh470,000, hivyo hatarajii pingamizi. Hata hivyo, agizo linazuiwa. Sababu ni kwamba kuna saruji ya Sh60,000 aliyoletewa wiki hiyo, na ambayo ankara yake bado haijaandikwa. Muuzaji huihesabu kama deni tangu ilipotoka ghalani. Jumla inakuwa Sh530,000, na kikomo kimepitwa kwa Sh30,000.

Lakini kizuizi hicho si cha haki. Siku mbili kabla, mteja alituma Sh80,000 kwa M-Pesa, na mahali pa nambari ya akaunti akaandika jina lake badala ya nambari aliyopewa. Pesa zilifika, ila zimebaki katika hesabu ya malipo yasiyotambuliwa. Karani akizioanisha na ankara husika, deni lote, pamoja na agizo jipya, linashuka hadi Sh450,000 na lori linapakiwa. Kwa hivyo, jambo la kwanza la kukaguliwa agizo likizuiwa ni hesabu hiyo. Malipo ya hundi ni tofauti: muuzaji mwangalifu hapunguzi deni hadi benki iithibitishe.

Kama malipo hayo yasingekuwepo, muuzaji angeweza kupeleka magunia 160 ya Sh120,000, yanayofikia kikomo barabara, na kubakiza 40 hadi mteja alipe.

Kuna kizuizi cha pili kinachowashangaza wengi. Mteja mwenye deni dogo lakini lililopitisha siku 30 huzuiwa pia, ijapokuwa hajakaribia kikomo. Kuongezewa kikomo hakumsaidii; sharti ankara hiyo iliyochelewa ilipwe, au msimamizi wa mikopo aidhinishe agizo hilo kwa maandishi.