Tano Juu ya Mia: Jinsi Hofu Ilivyopata Namba

Tarehe 22 Agosti 2019 binamu yangu alinitumia picha ya skrini. Ilikuwa na duara kama dashibodi ya matatu, mshale umelala kushoto kabisa kwenye rangi nyekundu, na katikati namba moja: 5. Chini yake yeye mwenyewe aliandika, "Watu wameogopa. Huu ndio wakati."

Ile ilikuwa Fear & Greed Index ya Bitcoin, kipimo kinachotoka kila siku kwenye tovuti ya alternative.me tangu Februari 2018. Sifuri ni hofu tupu, mia ni tamaa tupu. Binamu alikuwa amesoma mahali kwamba ukiona hofu nunua, ukiona tamaa uza. Akatoa shilingi 60,000 za akiba yake, akanunua kwa mtu kupitia M-Pesa. Bitcoin moja ilikuwa kama dola 10,000.

Kabla niwaambie ile pesa iliendaje, turudi nyuma kidogo. Wazo la kupima moyo wa soko si la juzi, na kila aliyelijaribu alipima kitu tofauti na mwenzake.

Aliyeanza ni Mmarekani Abe Cohen, mwaka 1963. Cohen alikuwa akichapisha jarida la wawekezaji, na mwanzoni alidhani jambo la kawaida kabisa: kama washauri wengi wa soko wanasema hisa zitapanda, basi si zitapanda? Akaanza kusoma majarida ya wenzake na kuwahesabu, wangapi wana matumaini, wangapi wana wasiwasi. Hesabu ikampinga. Washauri walikuwa na matumaini makubwa zaidi soko likiwa karibu na kilele, na wasiwasi mkubwa zaidi likiwa karibu kugeuka kupanda. Sababu yake si uchawi. Mtu akishasema kwa nguvu kwamba hisa zitapanda, kwa kawaida ameshanunua. Wote wakishanunua, nani amebaki wa kusukuma bei juu? Hapo ndipo ilipozaliwa ile kanuni ya kwenda kinyume na umati ambayo ilimfikia binamu yangu zaidi ya miaka hamsini baadaye, ikiwa imekatwa mkia na kichwa.

Julai 1987 chama cha wawekezaji wa kawaida Marekani, AAII, kikaanza kuwauliza wanachama wake swali moja kila wiki: miezi sita ijayo, soko litapanda, litashuka au litabaki palepale? Hiki ni kipimo cha mdomo. Mtu anasema anavyojisikia, na kusema hakumgharimu hata senti.

Miaka sita baadaye, 1993, soko la Chicago la CBOE likaleta VIX, iliyobuniwa na profesa Robert Whaley. Hii haimuulizi mtu chochote. Inaangalia bei ya mikataba ambayo mwenye hisa huinunua kama bima, ili soko likianguka apate fidia. Watu wakiogopa, wanaigombania hiyo bima, bei yake inapanda, na VIX inapanda nayo. Hiki ni kipimo cha mfuko.

Sasa utasema, mdomo na mfuko si ni vya mtu mmoja? Hebu tuviangalie katika anguko la 2008 na 2009.

Tarehe 20 Novemba 2008 VIX ilifunga siku kwenye 80.86, hofu ambayo haikuwa imewahi kuonekana tangu kipimo kianze. Kwa kanuni ya binamu yangu, hiyo ndiyo siku ya kununua. Lakini soko la Marekani halikufika chini kabisa siku hiyo. Lilipanda kidogo, likageuka, na tarehe 9 Machi 2009 fahirisi ya S&P 500 ikafunga kwenye 676, asilimia kumi chini ya ile siku ya Novemba. Na siku hiyo ya Machi, siku mbaya kuliko zote, VIX ilikuwa karibu 50 tu. Yaani ukitazama mfuko, hofu ilikuwa imepungua.

Mdomo ulisema mengine kabisa. Tarehe 5 Machi 2009, siku nne kabla ya soko kugeuka, asilimia 70.3 ya waliojibu swali la AAII walisema litashuka. Kwa kawaida wanaosema hivyo ni kama asilimia 30. Ilikuwa rekodi.

Mbona vipimo viwili vya jambo moja vipishane hivyo? Kwa sababu havikuwa vikipima jambo moja. Novemba watu walishtuka, na mshtuko humfanya mtu atafute bima leo hii, si kesho. Kufikia Machi, aliyetaka bima alikuwa nayo, na wengi waliotaka kutoka walikuwa wameshatoka. Kilichobaki ni kukata tamaa. Mtu aliyekata tamaa hanunui bima. Ukimuuliza, anakujibu kwa sauti ya chini kwamba mambo yataharibika zaidi. Mshtuko na kukata tamaa vyote tunaviita hofu, ila vinakuja nyakati tofauti na vinaacha alama mahali tofauti.

Usikimbilie kusema basi AAII ndiyo ya kuaminika. Oktoba 2008 kipimo hichohicho kilikuwa kimeshapita asilimia 60 ya wenye wasiwasi. Aliyenunua wiki ile kwa sababu umati umeogopa alikaa miezi mitano akitazama soko likishuka tena kwa takriban robo. Hofu ilikuwa ya kweli. Ilikuwa tu na nafasi ya kuongezeka.

Mwaka 2012 CNN ikachukua vipimo saba vya aina ya mfuko, ikavisaga pamoja, ikatoa namba moja kutoka 0 hadi 100 na ule mshale tunaoujua. Ndani yake mna VIX. Mna pia S&P 500 ikilinganishwa na wastani wake wa siku 125, na tofauti kati ya faida ya hisa na ya bondi za serikali kwa siku 20, kwa sababu ng'ombe akivunjika mguu malishoni hujikokota zizini, na zizi la mwekezaji Mmarekani ni bondi. Kila kimoja kinaangaliwa kimetoka umbali gani kwenye wastani wake, halafu vyote saba vinapewa uzito sawa.

Ukisikia vipimo saba unapata imani, kama mashahidi saba kortini. Shida ni kwamba mashahidi hawa walisimama kwenye dirisha moja. Hisa zikianguka leo, S&P inashuka chini ya wastani wake, VIX inaruka, bondi zinaishinda faida ya hisa, bima zinagombaniwa. Tukio ni moja, limesimuliwa mara nyingi. Ndiyo maana mshale ule unafuata bei kama kivuli: soko likishuka wiki mbili unakwambia watu wameogopa. Asante, tuliona.

Tukifika kwa Bitcoin mambo yanakuwa mepesi zaidi. Bitcoin haina mapato ya kampuni wala riba ambayo ungeilinganisha na bei. Kwa hiyo nusu nzima ya kile kipimo cha alternative.me inatokana na bei na mauzo yenyewe: asilimia 25 ni jinsi bei inavyoruka na imeshuka kiasi gani, asilimia 25 ni nguvu ya soko na wingi wa mauzo. Zote mbili zinalinganishwa na wastani wa siku 30 na siku 90. Kinachobaki kinatoka kwenye mitandao ya kijamii, utafutaji wa Google, sehemu ya Bitcoin katika soko zima la kripto, na kura za maoni, ambazo kwa muda mrefu wenyewe wameandika kwamba zimesimamishwa.

Siku 90 ndizo zilizomponza binamu yangu. Juni 2019 Bitcoin ilikuwa imepanda hadi karibu dola 14,000. Iliporudi 10,000 mwezi Agosti, mashine ikalinganisha na kumbukumbu yake fupi, ikaona mteremko mkali, ikaandika 5. Haikukumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka uleule bei ilikuwa chini ya 4,000. Yeye alisoma 5 akadhani inamaanisha bei rahisi. Kumbe ilimaanisha bei imeshuka juzi.

Desemba ikafika chini ya 7,000. Akavumilia. Halafu ikaja Machi 2020. Tarehe 12 Bitcoin ilipoteza zaidi ya theluthi ya bei yake ndani ya saa ishirini na nne. Kesho yake, Ijumaa tarehe 13, Kenya ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona na serikali ikasimamisha mikutano ya watu. Binamu alikuwa akikodisha spika na maikrofoni za harusi. Kufikia jioni wateja watatu walikuwa wamepiga simu kufuta. Akauza kwa dola 5,000 hivi, akabaki na kama shilingi elfu thelathini.

Hili ndilo linaloniuma hadi leo. Katika siku zote za mshtuko ule wa Machi, kipimo hakikurudi kwenye 5. Kwa maoni ya mashine, watu walikuwa wameogopa zaidi ile Alhamisi tulivu ya Agosti, Bitcoin ikiwa dola 10,000, kuliko wiki dunia ilipofungwa nayo ikiwa 5,000.

Upande wa tamaa nao ni vilevile. Novemba 2020 kipimo kilipita 90, tamaa kubwa kabisa, na Bitcoin ilikuwa bado chini ya dola 20,000. Aliyetii akauza. Aprili 2021 bei ikagusa karibu 64,000. Hofu huwa inajichosha kwa sababu wauzaji huisha. Tamaa inaweza kukaa mezani miezi mingi, maana kila anayepata faida anamwita jirani.

Kwa hiyo mimi sasa nikiona mshale wa namna hii nauliza kama namba imetoka mdomoni au mfukoni, na imelinganishwa na siku ngapi zilizopita. Mdomo na mfuko vikifika pembeni kabisa pamoja, na bei imeshuka kwa miaka badala ya wiki, nasikiliza kwa makini. Kikiwa kimoja peke yake, nakichukulia kama habari ya jana.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna kati ya vipimo hivi kinachoweza kulipima. Ile sehemu ya Bitcoin aliyoinunua binamu, kama angeishikilia hadi Aprili 2021, ingekuwa karibu shilingi laki nne. Mtu akitaka anaweza kusema mshale ulisema kweli. Ulichukua miezi ishirini kusema kweli, na yeye alikuwa na miezi saba tu. Kodi ya nyumba ilikuwa tarehe tano.