Msokoto wa Maji Mlangoni mwa Turbini: Pembe na Shinikizo katika Mtiririko wa Mfyonzo na Kizingia Huru

Katika turbini ya aina ya Francis, kati ya ncha za vibao elekezi na ukingo wa gurudumu, kuna pete nyembamba ya nafasi tupu ambamo maji hayashikwi na chochote. Vibao vimekwisha kuyaelekeza na gurudumu bado halijayagusa. Ndani ya pete hiyo maji husogea katikati na papo hapo huzunguka, na njia yanayoifuata huweza kupatikana kwa kujumlisha mitiririko miwili iliyo rahisi kuliko yote: mfyonzo, ambao huyavuta maji kuelekea kitovu kutoka pande zote kwa usawa, na kizingia huru, ambacho huyazungusha bila nguvu ya nje kuyasukuma wala kuyazuia.

Mitambo ya namna hii inaendeshwa na Mto Pangani. Mto Mkomazi, unaopita nyanda za Mazinde chini ya milima ya Usambara Magharibi, unaungana na Pangani kabla ya mji wa Korogwe. Mbele zaidi, ndani ya wilaya ya Korogwe, kipo kituo cha Hale kilichoanza kufua umeme mwaka 1964. Hale ina mashine mbili zenye uwezo wa megawati 10.5 kila moja, na maji yake huanguka kimo cha takriban meta 70. Kituo hicho kinatosha kuwa msingi wa hesabu ya makala hii. Vipimo vya ndani ya turbini vitakavyotumika si vya michoro ya kituo: vimechaguliwa ili vilingane na mashine ya ukubwa huo.

Mfyonzo uanze. Maji yenye ujazo Q kwa sekunde yanapita kati ya sahani mbili zilizo sambamba, zenye umbali b kati yake. Kwenye duara lolote lenye nusu kipenyo r, eneo la kupita ni 2πrb, na kwa kuwa maji hayabanwi, kiasi kile kile lazima kipite kila duara. Kasi ya kuelekea katikati ni basi

v_r = Q / (2πbr).

Kizingia huru kina sharti jingine. Maji yakiwa hayasukumwi na chochote kwa upande wa mzunguko, momenti ya mwendo wake kuzunguka kitovu haibadiliki, kwa hiyo zao la r na kasi ya mzunguko hubaki lile lile. Zao hilo likiitwa K,

v_θ = K / r.

Kasi zote mbili hupungua kwa kadiri ile ile r inavyoongezeka, na matokeo yote yanayofuata yanatokana na hilo. Pembe α kati ya mstari wa mtiririko na duara linalopita mahali hapo hupatikana kwa kugawanya kasi moja kwa nyingine:

tan α = v_r / v_θ = Q / (2πbK).

Herufi r imetoweka. Maji yaliyo mbali na yaliyo karibu hukata maduara yao kwa pembe moja, ingawa ya karibu huenda kasi zaidi. Mstari wenye sifa hiyo ni msokoto wa logi. Ukianzia nusu kipenyo r₁, baada ya kuzunguka pembe θ (kwa radiani) hufika

r = r₁ e^(−θ tan α).

Sasa hesabu ya mashine moja. Ufanisi ukichukuliwa kuwa asilimia 90, megawati 10.5 kwa kimo cha meta 70 zinahitaji meta za ujazo 17 hivi kwa sekunde. Vibao viwe na kimo cha meta 0.5, ncha zake ziwe meta 1.1 kutoka kitovu, na ukingo wa gurudumu uwe meta 0.9. Gurudumu likizunguka mara 300 kwa dakika na maji yakitoka bila mzunguko, K ya meta za mraba 20 kwa sekunde huipa kila kilo ya maji juli 628 za kukabidhi gurudumu, kati ya juli 687 ilizonazo kutokana na kimo. Ni kiwango kinachokubalika.

Zao la r na v_r ni 17 / (2π × 0.5), yaani 5.41. Kwa hiyo tan α ni 5.41 / 20, au 0.27, na pembe ni digrii 15 na kidogo. Kutoka ncha za vibao hadi gurudumu ni sentimeta 20 tu kwa mstari ulionyooka, lakini maji hupita njia ya sentimeta 77 na kuzunguka digrii 42 za duara. Safari nzima huchukua chini ya sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde.

Shinikizo linahitaji uangalifu zaidi. Ekseli ikiwa wima, msokoto hulala kwenye usawa mmoja na uzito wa maji hauingii katika hesabu. Kasi kamili V ni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya kasi mbili, na kanuni ya Bernoulli inatoa

p = p₀ − ρ(K² + M²) / (2r²),

ambapo M ni Q / (2πb), yaani ile 5.41, na p₀ ni shinikizo ambalo maji yangekuwa nalo yakitulia. Kanuni hiyo hutumika hapa kati ya nukta zozote mbili, hata zisizo kwenye mstari mmoja wa mtiririko, kwa sababu mitiririko yote miwili haina msokotano wa ndani nje ya kitovu. Shinikizo likipigiwa mchoro dhidi ya 1/r² hutoa mstari ulionyooka unaoshuka.

Kati ya meta 1.1 na meta 0.9, kasi hupanda kutoka meta 18.8 hadi meta 23.0 kwa sekunde, na shinikizo hushuka kilopaskali 88 hivi, sawa na kimo cha maji cha karibu meta 9. Hapo ndipo kosa la kawaida la wanafunzi hujitokeza. Wengi huandika kwamba mabadiliko ya shinikizo kwa r ni ρv_θ²/r, kama ilivyo kwa kitu chochote kinachozunguka, kisha hupata kilopaskali 82. Kilopaskali 6 zilizopotea ni za mfyonzo: maji yanayoelekea katikati yanaongeza kasi ya kuelekea huko, na kuongeza kasi huhitaji nguvu. Mlingano kamili ni

dp/dr = ρ(v_θ² + v_r²) / r = ρV² / r.

Sehemu ya mfyonzo ni sin² α ya jumla. Kwa digrii 15 ni asilimia 7, na pengine mtu aweza kuipuuza. Kwa digrii 30 ni robo nzima. Kuipuuza kwa mazoea, bila kuiangalia pembe kwanza, hakuna msingi.

Mlingano huo unaonyesha pia mwisho wa kielelezo. Kitovuni, r ikiwa sifuri, shinikizo lingeshuka bila kikomo, jambo ambalo maji halisi hayawezi. Kama p₀ ni kilopaskali 750, pamoja na shinikizo la hewa, shinikizo hufikia kiwango cha mvuke wa maji ya joto la kawaida, kilopaskali 4 hivi, kwenye nusu kipenyo cha meta 0.54. Bila gurudumu, maji yangechemka hapo bila kupashwa moto, na msokoto ungebaki na kiini cha mvuke. Gurudumu, lililopo kwenye meta 0.9, huyapokonya maji mzunguko wake kabla hayajafika huko.

Wakati wa kiangazi maji ya mto yakipungua, vibao hufungwa kiasi ili kupitisha kidogo. Kimo na mwendo wa gurudumu havibadiliki, kwa hiyo kila kilo ya maji bado inahitaji mzunguko unaokaribiana na ule wa awali. Q ikiwa nusu na K ikibaki ile ile, tan α nayo huwa nusu: pembe hushuka hadi digrii 7.7, maji huzunguka digrii 85 kabla ya kufika kwenye gurudumu, na njia hurefuka hadi meta moja na nusu. Shinikizo halibadiliki sana kwa kuwa K ndiyo inayotawala. Kinachoharibika ni pembe. Mapanga ya gurudumu yamechongwa kupokea maji ya digrii 15. Yanayokuja kwa digrii 7.7 huyagonga ubavuni, na hasara yake huonekana kwenye umeme kabla ya kuonekana kwenye kipimo chochote cha shinikizo.

Mchanga hueleza jambo hilo kwa namna nyingine. Karibu na gurudumu, kuvutwa kwa maji katikati ni zaidi ya mara 50 ya mvutano wa dunia, na punje ya mchanga, iliyo nzito kuliko maji, hutupwa nje wakati maji yanaiburuta ndani. Nguvu hizo mbili zikilinganishwa, kokoto yenye kipenyo kinachozidi milimita 12 hivi haiwezi kuingia kwenye gurudumu pale mtiririko ulipo kamili. Mtiririko ukiwa nusu, v_r hushuka hadi meta 3 kwa sekunde na kikomo hicho hushuka hadi milimita 3, kwa sababu nguvu ya kuburuta hufuata mraba wa kasi. Punje za ukubwa huo huzunguka ndani ya pete, zikisugua ncha za vibao. Pete ya mikwaruzo nyuma ya vibao ni alama ya mashine iliyofanya kazi muda mrefu kwa maji machache.

Kielelezo hukosea pia karibu na sahani za juu na chini. Msuguano hupunguza mzunguko wa tabaka jembamba lililoganda ukutani, lakini shinikizo la maji yaliyo kati ya sahani hulisukuma kama linavyoyasukuma maji mengine, hivyo tabaka hilo hukimbilia ndani kwa pembe kubwa zaidi. Majani ya chai hukusanyika katikati ya chini ya kikombe kilichokorogwa kwa sababu hiyo hiyo. Anayepima pembe kwa kupaka rangi ya mafuta kwenye sahani atapata digrii kubwa kuliko za hesabu, na hapaswi kuzichukua kuwa za mtiririko wote.

Kipimo cha kuaminika ni vitundu vya shinikizo, vitatu au zaidi, vilivyotobolewa kwenye sahani kwa nusu vipenyo tofauti. Vipimo vyake vikilala kwenye mstari ulionyooka dhidi ya 1/r², mteremko wake hutoa K² + M². Q ikipimwa kwenye bomba la kuleta maji, M hujulikana, K hubaki, na pembe hufuata. Nukta zikijipinda chini ya mstari upande wa gurudumu, huenda nafasi kati ya sahani si sambamba: b ikipungua kuelekea ndani, v_r hukua haraka kuliko v_θ, pembe huongezeka kila hatua, na msokoto wa logi haupo tena.