Utatu wa mazoea katika nathari ya maelezo

Utatu wa mazoea ni tabia ya mwandishi kuvipanga vitu vitatu vitatu kila anapoorodhesha, pasipo kujali idadi halisi ya vitu hivyo. Hujitokeza zaidi katika vipeperushi vya ugani, miongozo ya ofisi na vitabu vya kiada. Huonekana pia katika maandishi yaliyokwisha kuhaririwa, kwa sababu mhariri anayelainisha sentensi ngumu hubadilisha msamiati lakini huacha mpangilio ule ule. Si vigumu kukisia chanzo kimojawapo cha tabia hii: mwanafunzi aliyejibu kwa miaka mingi maswali ya kutaja na kueleza mambo matatu huendelea kuyatafuta matatu hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza.

Kasoro yake huonekana vizuri pale ambapo msomaji anatakiwa kutenda jambo. Aya ifuatayo imetungwa kwa mfano wa kipeperushi kinachoweza kumfikia mkulima wa korosho wa Mkunya, wilayani Newala, katika uwanda wa juu wa Makonde:

«Ili kuongeza ubora, thamani na ushindani wa korosho, mkulima anashauriwa, anahimizwa na anatakiwa kuzingatia uokotaji, utenganishaji na ufungashaji ulio sahihi, makini na wa wakati. Korosho zitapangwa katika madaraja ya juu, ya kati na ya chini.»

Aya hii ina sentensi mbili na utatu mara tano. Mhariri wa kawaida angeona ugumu wake katika nomino zilizotokana na vitenzi, yaani uokotaji na wenzake, akazirudisha kuwa vitenzi: «mkulima aokote, atenganishe na afungashe korosho kwa usahihi». Sentensi imekuwa nyepesi, lakini kosa kubwa limebaki palepale. Korosho haifungashwi mara baada ya kutenganishwa na bibo. Kwanza huanikwa juani siku mbili au tatu hadi ikauke. Hatua hiyo haipo katika aya, na si ajabu, kwani hatua ni nne ilhali mwandishi alikuwa na nafasi tatu. Mkulima atakayefuata maelezo hayo neno kwa neno atatia katika gunia korosho zenye unyevu. Zitaota ukungu humo, na ghalani zitashushwa daraja au kukataliwa kabisa.

Mwisho wa aya una kosa la kinyume. Hapa utatu haukupunguza bali umeongeza. Korosho ghafi nchini Tanzania huuzwa kwa madaraja mawili, la kwanza na la pili. Daraja «la kati» limezaliwa na mdundo wa sentensi. Msomaji anayejua soko atalicheka, lakini mwanafunzi atalinakili na mtafsiri atalitafutia kisawe katika lugha nyingine.

Kwa hiyo swali la kwanza la mhariri si la mtindo. Ni la hesabu: katika jambo lenyewe, nje ya sentensi, vitu hivi ni vingapi? Jibu likishapatikana, kila orodha hupimwa kwa kufuta kipashio kimoja kimoja na kutazama kama msomaji amepoteza kitu. Katika «ubora, thamani na ushindani», thamani ni matokeo ya ubora, na ushindani haumwambii mkulima lolote analoweza kulishika. Anachokijali ni daraja atakalopewa, maana ndilo linaloamua bei. Katika «sahihi, makini na wa wakati», ni kivumishi cha mwisho pekee kinachoweza kugeuzwa kuwa agizo, nacho hakina budi kutaja wakati wenyewe.

«Anashauriwa, anahimizwa na anatakiwa» ni utatu wa hatari zaidi, kwa sababu vitenzi hivyo havina nguvu sawa. Anayeshauriwa anaweza kukataa, anayetakiwa hawezi. Mwandishi aliyeviweka pamoja ameficha jambo ambalo msomaji alihitaji kulijua. Hapa mhariri hana ruhusa ya kuchagua kwa sikio. Sharti arudi kwa mwenye maandishi aulize kama agizo hilo ni la lazima.

Utatu una gharama nyingine ambayo ni ya Kiswahili hasa, nayo ni upatanisho wa kisarufi. Katika «mafunzo, mbinu na maarifa mapya», kivumishi kimepatana na maarifa. Je, mbinu nazo ni mpya? Umbo halisemi, kwa kuwa mbinu ingedai «mpya». Mafunzo yangekubali «mapya», lakini yapo mbali mno na kivumishi kwa msomaji kuwa na hakika. Kadiri ngeli zinavyochanganyika katika orodha ndivyo kivumishi kinavyobaki mali ya nomino iliyo jirani tu. Kuandika «mbinu mpya na mafunzo ya kuzitumia» huondoa shaka yote.

Baada ya hesabu, lugha yenyewe ina njia za kuepuka orodha. Hatua zinazofuatana hazihitaji koma na «na» ya mwisho. Zinaweza kubebwa na «kisha», na kiambishi -ki-, au na sentensi mpya. Aya ya korosho inaweza kuandikwa hivi:

«Daraja la korosho hutegemea ukavu na usafi wake. Mkulima aziokote zikiwa zimeanguka zenyewe, azitenganishe na mabibo siku hiyohiyo, kisha azianike juani siku mbili au tatu huku akizigeuza. Zikikauka, hulia zinapotikiswa mkononi. Hapo ndipo azitie katika magunia ya juti na kuyapeleka kwenye ghala la chama cha msingi, ambako zitapangwa daraja la kwanza au la pili.»

Aya mpya ni ndefu kuliko ya kwanza, na haifai kuonewa haya kwa hilo. Hatua zote nne zimo, na ile ya kukausha imepata sentensi yake kwa sababu ndiyo inayokosewa. Namna ya kutambua ukavu imechukua nafasi iliyokuwa ya vivumishi.

Anayeanza kupambana na utatu huangukia mtego mwingine: hufuta kipashio cha tatu kila mahali, na ukurasa mzima ukawa wa jozi. Kiswahili kinamvuta huko pia, kwa kuwa kina jozi nyingi zilizozoeleka, kama «hali na mali» au «usiku na mchana». Wengine huongeza cha nne ili tu kuvunja mdundo. Yote mawili ni tabia ileile kwa namba tofauti. Njia rahisi ya kuigundua ni kupigia mstari kila orodha katika kurasa mbili za andiko na kuandika idadi pembeni. Namba moja ikirudi karibu kila mahali, hesabu haikufanywa.

Utatu wa kweli huachwa kama ulivyo. Mafiga ni matatu kwa sababu chungu hakitulii juu ya mawili. Ujinga, maradhi na umaskini ni maadui watatu katika msamiati wa siasa ya Tanzania, na anayenukuu hana mamlaka ya kuwapunguza. Vivyo hivyo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja mahitaji manne ya maendeleo, yaani watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, ingawa wanafunzi wanaoyakumbuka kwa mdundo mara nyingine husahau ardhi. Mtafsiri wa mkataba naye hahariri: maneno matatu yaliyokaribiana maana katika matini chasili hubaki matatu, hata kama sikio linayakataa.