Jinsi ya Kuua Shamba

Kundi letu la vijana hapa Moiben lilikuwa linachanga pesa za kukodi ekari 10 kwa muda mrefu, tupande avokado. Kila tukikutana tunaulizana tutafauluje, na majibu ni yale yale: bidii, umoja, soko. Siku moja nikageuza swali: tufanye nini ndio hili shamba life kabisa? Chuo niliacha, lakini vitabu vya historia sikuacha, na mfano nilikuwa nao tayari.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilituma watu watatu Tanganyika kutafuta mahali pa kulima karanga. Walizunguka kama wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege. Wakapendekeza zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ikaanza Kongwa, Dodoma, mwaka 1947. Udongo wa huko una mfinyanzi mwingi, jua likiwaka unakuwa kama saruji, na karanga, mjue, huzaa chini ya ardhi. Mvua nayo haikutosha. Januari 1951 mpango ukafungwa, na takriban pauni milioni 36 zikaenda na maji.

Kwa hivyo jibu letu la kwanza la kuua shamba: kagua udongo kwa macho tu. Ukiligeuza kivivu unapata “tukague vizuri”, na hiyo si kitu. Tukaendelea kuuliza hadi likawa kazi ya mikono. Avokado huchukia maji yaliyotuama, mizizi inaoza. Basi, wakati wa mvua tuchimbe mashimo ya futi mbili, tuyajaze maji. Shimo ambalo asubuhi bado lina maji, hapo hatupandi.

Jibu la pili lilikuwa gumu: mvua ikatike. Hilo huwezi kuligeuza, kwani nani anaamuru mvua? Tukauliza badala yake ni nini kitakufa ikikatika. Miche, kuanzia Desemba hadi Februari. Tukipanda kwa nafasi ya mita 6 kwa 6, ekari moja ina miche kama 112. Tukakadiria mtungi mmoja wa lita 20 kwa mche kila wiki: lita 2,240. Kwa ekari 10 ni lita 22,400, kila wiki, na sisi tuna punda mmoja wa kuazima.

Kimya kikaingia. Mmoja akasema basi tununue pampu. Mwingine akauliza kisima kiko wapi. Hapo jibu la tatu likajitokeza bila mtu kulitafuta, maana Kongwa nao walianza kwa kiwango kikubwa kabla ya kuvuna hata msimu mmoja wa majaribio.

Tumekodi ekari moja. Pesa zingine bado ziko kwa mweka hazina, na kuna wawili wamekasirika hadi leo.