Uimarishaji wa jengo la shule dhidi ya tetemeko na upepo

Uimarishaji wa jengo la shule ni kazi ya kuliongezea jengo lililokwisha kusimama uwezo wa kuhimili mtikisiko wa ardhi au upepo mkali, bila kulibomoa. Makala hii inashughulikia jengo la aina moja tu: banda refu la madarasa lenye kuta za tofali za kuchoma, kenchi za mbao na paa la bati. Mabanda ya namna hiyo yametapakaa kandokando ya bonde la ufa la magharibi, na ardhi ya huko haijatulia. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 liliangusha majengo Bukavu na ng'ambo yake upande wa Rwanda. Lile la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilipiga Bukoba na kuziharibu shule za sekondari za Ihungo na Nyakato kiasi cha kufungwa kwa muda.

Pendekezo la uimarishaji hueleza ni kitu gani kitakachoanguka kwanza, njia zipi zinaweza kukizuia, na ipi ianze kulipiwa. Swali la kwanza ndilo linalorukwa mara nyingi. Kamati ya shule huona nyufa, humwita mkandarasi, na mkandarasi hupendekeza nguzo za zege kwa sababu nguzo za zege ndizo anazozijua.

Kinachoanguka kwanza

Tuchukue banda la madarasa mawili, kila darasa mita 9 kwa 7 kwa ndani, kuta zenye unene wa sentimita 23 na kimo cha mita 3. Kuna kuta mbili ndefu zenye milango na madirisha, na kuta tatu za kukata: mbili za mwisho na moja inayotenganisha madarasa. Juu ya kila ukuta wa kukata tofali zinaendelea kwa umbo la pembetatu hadi kwenye mgongo wa paa, mita 4.75 kutoka sakafuni. Ukitoa milango na madirisha, kuta zote zina eneo la mita za mraba 165 hivi, na uzito wake unakaribia tani 68. Bati, papi na kenchi zote pamoja hazizidi tani 4. Kwa hiyo katika tetemeko paa si mzigo wa kutisha. Ukuta wenyewe ndio mzigo.

Wahandisi hupima mtikisiko wa mlalo kama sehemu ya uzito. Mtikisiko wa asilimia 20 maana yake ni kwamba ukuta wa tani 10 unasukumwa ubavuni kwa nguvu ya tani 2. Ukuta uliosimama peke yake, usioshikwa popote juu, huanza kuinuka ukingoni mwake mtikisiko unapofikia unene wake ugawanywe kwa kimo chake. Kwa ukuta wetu mrefu, sentimita 23 kwa 300 ni karibu asilimia 8. Kwenye ncha ya ile pembetatu, sentimita 23 kwa 475 haifiki asilimia 5. Hesabu hii ni ya ukuta usio na msaada wa pembe, nayo pembe husaidia sehemu zilizo karibu nazo. Lakini katikati ya ukuta wa mita 9 msaada huo ni hafifu, na juu kwenye pembetatu hakuna pembe kabisa.

Sasa ushike ukuta huohuo kwa juu, usiweze kwenda nje wala ndani. Ili uanguke itabidi uvunjike katikati ya kimo chake kwanza, na mtikisiko unaohitajika ni mara nne ya ule wa awali, yaani kama asilimia 30. Hakuna tofali iliyoongezwa kwenye ukuta wala zege iliyomwagwa msingini. Kilichobadilika ni kwamba kichwa cha ukuta kimeshikwa.

Nguvu inayokwenda sambamba na ukuta haina hatari ya namna hiyo. Kwa mtikisiko wa asilimia 20 banda zima husukumwa kwa tani 14 hivi, nazo hubebwa na kuta tatu za kukata zenye mita za mraba 4.8 za tofali zikipimwa kwa chini. Kwa wastani ni gramu 300 kwa kila sentimita ya mraba. Mota ya saruji iliyo nzima hubeba zaidi ya hapo. Ndiyo maana baada ya tetemeko huonekana madarasa ambayo kuta za kukata zimesimama huku ukuta mrefu umelala uwanjani: banda ni kasha lisilo na kifuniko, na pande zake hufunguka kwa nje.

Upepo hugeuza hesabu. Upepo wa kilomita 126 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 75 kwa mita ya mraba, na juu ya paa msukumo huo unaweza kuwa mvuto wa kwenda juu, hasa madirisha yakiwa wazi upande unakotokea upepo. Paa letu lina kilo 20 tu kwa mita ya mraba. Kenchi zikiwa zimepangwa kila mita 1.5, kila mguu wa kenchi unavutwa juu kwa nguvu ya kilo 350 hivi baada ya kutoa uzito wa paa. Misumari miwili iliyopigwa kwenye mbao iliyokauka haitoshi kuuzuia mvuto huo.

Njia tano, kuanzia ya bei ndogo

Ya kwanza ni kurekebisha paa na pembetatu za ukuta. Pembetatu za tofali hubomolewa, na mahali pake huwekwa fremu ya mbao na bati. Hapo peke yake banda hupungukiwa na tani zaidi ya 7, tena zile zilizokaa juu kabisa. Miguu 26 ya kenchi hufungwa kwa vyuma bapa vinavyoshuka ukutani na kushikwa kozi kadhaa chini, kwa sababu chuma kilichofungwa kwenye kozi ya juu tu kitaondoka na kozi hiyo. Mbao za mshazari huongezwa kati ya kenchi na kenchi. Saruji inayotumika ni kidogo, na fundi seremala mzuri ana kazi kubwa kuliko fundi mwashi. Kwa upepo, njia hii karibu inamaliza tatizo. Kwa tetemeko inaondoa hatari ya kwanza na kuiacha ya pili.

Ya pili ni mkanda wa zege kichwani mwa kuta zote, pamoja na ule wa kati. Kwa banda letu mkanda una urefu wa mita 58. Ukiwa na upana wa ukuta na kina cha sentimita 15, unahitaji mita 2 za ujazo za zege, yaani mifuko 14 hivi ya saruji, na kilo 240 za nondo za milimita 12 bila kuhesabu ringi. Nondo huwa nne, mbili upande wa nje na mbili wa ndani, kwa kuwa mkanda huu unafanya kazi kama boriti iliyolala ubavu: unazuia ukuta usiende nje kwa urefu wa mita 9 kati ya ukuta wa kukata na mwenzake. Darasa likiwa refu zaidi, mkanda huo hautoshi, na ukuta mrefu lazima uongezewe nguzo za kuegemea katikati. Vifaa ni vya bei nafuu. Gharama hasa ni kuinua paa. Kwa hiyo njia hii hufaa zaidi mwaka ule bati linapobadilishwa.

Ya tatu ni kuzifunga kuta kwa vipande vya wavu wa chuma, nje na ndani, juu ya milango na madirisha, chini ya paa, kwenye pembe na kandokando ya kila uwazi. Wavu hufunikwa kwa lipu nzito ya saruji ya sentimita 4 hadi 5. Kwa banda letu vipande hivyo hufikia mita za mraba 120 na mifuko 54 hivi ya saruji. Paa halihitaji kuinuliwa. Njia hii ndiyo iliyotumika katika shule nyingi za bonde la Kathmandu, Nepal, ambako taasisi ya NSET ilianza kuimarisha shule mwishoni mwa miaka ya 1990. Tetemeko la 7.8 lilipokuja tarehe 25 Aprili 2015, shule zilizoimarishwa zilisimama, na baadhi zikawa makimbilio ya majirani. (Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, kama ilivyokuwa Bukoba mwaka uliofuata, kwa hiyo hesabu ya wanafunzi waliopona inapaswa kusomwa kwa kukumbuka hilo.)

Ya nne ni kuvika kuta zote wavu huo pande zote mbili. Hapo eneo ni kama mita za mraba 290 na saruji inafika mifuko 130. Bei hiyo ina maana pale tu ambapo mota yenyewe ni dhaifu. Jaribio lake ni jepesi: kwaruza kiungo kati ya tofali mbili kwa msumari wa inchi nne. Msumari ukiacha mstari tu, mota ni ya saruji na njia ya pili au ya tatu inatosha. Msumari ukizama na mota ikimwagika kama unga, ukuta utasambaratika kati ya mkanda na mkanda hata ukishikwa juu.

Ya tano ni kubomoa na kujenga upya, na ndiyo ghali kuliko zote. Inastahili msingi ukiwa umetitia na kuzigawa kuta, au pale makadirio ya njia ya nne yanapopita nusu ya bei ya banda jipya. Fremu ya nguzo na boriti za zege ndani ya jengo la zamani ingeingia karibu na hapa, kwa kuwa nayo hudai msingi mpya. Kwa banda la ghorofa moja ni vigumu kuitetea.

Kwa banda la mfano wetu, mota ikiwa ya saruji, pendekezo lingekuwa njia ya kwanza mara moja katika shule zote za kata, kisha mkanda wa juu kila bati linapofikia kubadilishwa. Kumaliza fedha yote kwa kuivika shule moja wavu, huku nyingine kumi zikibaki na pembetatu za tofali juu ya vichwa vya watoto, ni mpangilio mbaya.

Mahali kazi inapoharibikia

Wavu uliopigwa juu ya lipu ya zamani haufanyi kazi. Lipu hiyo inapaswa kung'olewa mpaka tofali ionekane, viungo vikwanguliwe sentimita moja na zaidi, ukuta ulowanishwe, na wavu wa nje uunganishwe na wa ndani kwa nondo za milimita 6 zinazopenya ukuta. Nondo hizo ndizo za kwanza kuibwa au kusahauliwa, kwa sababu zikishafunikwa hakuna anayeziona. Wiki chache baadaye, gonga ukuta kwa nyundo ndogo: mlio mtupu unaonyesha kwamba lipu imeachana na tofali.

Kosa jingine liko kwenye pembe. Nondo za mkanda zikikatwa pembeni badala ya kupindwa na kupishana na za ukuta wa pili, mkanda unakuwa vipande visivyojuana, na pembe itafunguka palepale ilipokuwa ikifunguka. Kwa nondo za milimita 12, kupishana kwa sentimita 60 ni kiasi cha kawaida. Vipande vya wima vya wavu navyo huingizwa chini ya sakafu hadi kwenye msingi. Vikiishia kwenye usawa wa sakafu, ukuta utapasuka hapo kwa mlalo. Msimamizi huyakagua haya na kuyapiga picha kabla zege na lipu hazijafunika kitu, na malipo ya awamu hiyo husubiri ukaguzi huo.