Jinsi ya kuitambua picha ya kuunganishwa: mstari wa bahari, nukta ya kukutania na taswira za majini

Tangu shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, wakazi wengi wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado wamelazimika kuamua kwa haraka kama wakimbie, wabaki au warudi nyumbani. Mara nyingi uamuzi huo unategemea picha iliyofika kwenye simu. Picha ya ufukwe ikionyesha watu wenye silaha inaweza kuhamisha kijiji kizima usiku mmoja. Ikiwa watu hao wamebandikwa kutoka picha nyingine, familia zitakuwa zimeacha mashamba na vyombo vyao bure.

Makala haya yanaeleza vipimo vitatu vinavyofaa kwa picha za pwani. Huhitaji kompyuta. Fungua picha kwenye simu, ingia sehemu ya kuhariri, chagua kalamu na uchore mistari juu ya nakala yake. Ukikosa kalamu, nyoosha uzi juu ya kioo cha simu.

Tuchukulie mfano wa kubuni. Picha imepigwa ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Wanakijiji wamesimama mchangani, bahari ikionekana nyuma yao. Kushoto kuna ghala lenye paa la bati. Kulia, karibu zaidi na maji, wanaonekana wanaume wawili wenye bunduki kando ya gari aina ya pikapu.

Kipimo cha kwanza: mstari wa bahari

Mstari ambapo bahari inakutana na anga una sifa moja muhimu: uko sawa na kimo cha kamera. Mtu akipiga picha akiwa ameshika simu mita 1.5 kutoka chini, mstari huo utapita kwenye kila kitu kilicho mbele yake katika kimo cha mita 1.5, kiwe karibu au mbali, mradi ardhi ni tambarare. Mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.7 atakatwa na mstari karibu na shingo. Aliye mbali ataonekana mdogo, lakini naye atakatwa shingoni.

Chora mstari wa bahari kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Katika mfano wetu, wanakijiji wote wazima wanakatwa shingoni, kwa hiyo mpiga picha alikuwa amesimama. Lakini wanaume wenye bunduki wanakatwa kiunoni. Kiuno cha mtu mzima kiko takriban mita 1 kutoka chini. Ili hilo liwe kweli, wanaume hao lazima wawe wamesimama nusu mita juu kuliko wenzao. Ufukwe, hata hivyo, huteremka kuelekea baharini. Wao, walio karibu na maji, wangepaswa kuwa chini zaidi, na mstari uwapite juu ya shingo au hata juu ya kichwa. Hapa pana shaka kubwa.

Kabla ya kuamua, tafuta sababu ya kawaida. Je, wamepanda juu ya tuta la mchanga, jiwe au mashua? Miguu yao inaonekana? Na usimpime mtoto, aliyeketi au aliyeinama kana kwamba ni mtu mzima aliyesimama.

Kipimo cha pili: nukta ya kukutania

Ukisimama katikati ya barabara iliyonyooka, kingo zake mbili huonekana kukutana mbali. Mahali hapo ndipo nukta ya kukutania. Mistari yote iliyo sambamba katika uhalisia huelekea nukta moja kwenye picha. Ikiwa mistari hiyo imelala sawa na ardhi tambarare, nukta yake huangukia juu ya mstari wa bahari.

Anza na ghala. Chora mstari kufuata ukingo wa paa, mwingine kufuata msingi wa ukuta, kisha uirefushe. Wa paa unashuka, wa msingi unapanda, na inakutana kwenye mstari wa bahari. Ghala na bahari vinalingana.

Sasa fanya hivyo kwa pikapu: mstari mmoja kwenye ukingo wa juu wa bodi, mwingine chini ya milango. Gari linaweza kuelekea upande tofauti na ghala, kwa hiyo nukta yake si lazima iwe ileile ya ghala. Hapo ndipo wengi hukosea. Kinachotakiwa ni kwamba nukta hiyo nayo iwe kwenye mstari wa bahari. Katika mfano wetu, mistari ya gari inakutana juu sana, angani. Hii ni dalili kwamba gari lilipigwa picha kutoka mahali pa juu, kwa mfano kwenye ghorofa, kisha likakatwa na kubandikwa ufukweni.

Mteremko mdogo unaweza kusogeza nukta kidogo, lakini si kuipeleka mbali angani. Pia angalia lenzi. Picha iliyopigwa kwa 0.5x hupinda mistari iliyonyooka karibu na kingo. Ukiona mstari wa bahari wenyewe umepinda, usiamini vipimo vya pembeni mwa picha.

Kipimo cha tatu: taswira za majini

Maji yakikupwa, mchanga hubaki na dimbwi tulivu linaloakisi kama kioo. Chora mstari kutoka kichwa cha mtu hadi kichwa cha taswira yake majini, kisha kutoka mkono wake hadi mkono wa taswira. Ikiwa kamera haikuinamishwa, mistari hiyo husimama wima na kuwa sambamba. Ikiwa iliinamishwa, huelekea pamoja kwenye nukta moja. Mstari wa mtu mmoja ukienda upande wake peke yake, mtu huyo ana shaka.

Jambo la pili ni kwamba taswira si nakala iliyopinduliwa tu. Maji huakisi vitu kana kwamba vinatazamwa kutoka chini. Kwa aliye karibu na kamera, taswira huonyesha zaidi upande wa chini wa ukingo wa kofia. Anayeghushi kwa kawaida hunakili mtu yuleyule na kumgeuza kichwa chini, hivyo taswira huonyesha sehemu zilezile za kofia zinazoonekana juu.

Lakini mawimbi madogo huvunja na kurefusha taswira, na penye mchanga mkavu haitokei kabisa. Kukosekana kwake peke yake si ushahidi.

Mipaka ya vipimo hivi

Vipimo hivi vinahitaji mistari iliyonyooka, upeo unaoonekana au maji tulivu. Mwaka 2011, baada ya kimbunga Irene, ilisambaa picha ya papa akiogelea kwenye barabara iliyofurika huko Puerto Rico. Mwili wa papa hauna mistari iliyonyooka ya kuchora. Kilichofichua uongo ni kupatikana kwa picha ya asili: papa yuleyule alipigwa picha Afrika Kusini mwaka 2003 na Thomas Peschak, akiwa nyuma ya mtumbwi. Mwaka 2017 papa huyo aliibuka tena, safari hii ikidaiwa yuko Houston.

Pia, picha inayopita vipimo vyote inaweza kuwa halisi lakini ya zamani, au ya mahali pengine. Mistari haisemi tarehe.

Kwa hiyo ukimjibu aliyekutumia, sema ulichokiona tu: “Wanaume wawili wa kulia na gari havilingani na mstari wa bahari.” Usiseme hakuna hatari. Picha ya uongo haithibitishi kwamba mahali pale ni salama, na usimtume mtu kwenda kukagua. Muulize aliyeileta ameipata kwa nani na lini, na uombe faili ya kwanza, maana iliyokatwa kingo inaweza kuwa imepoteza mstari wa bahari unaouhitaji.