Kumficha Mtenda: Historia ya Njia Tatu katika Lugha za Kibantu

Ripoti ya ofisi ikitaka kueleza kwamba nyaraka fulani hazifai tena, bila kumtaja aliyehusika, Kiswahili huipa njia tatu: nyaraka ziliharibiwa, nyaraka ziliharibika, au waliziharibu nyaraka. Katika tafsiri za kiofisi njia hizi aghalabu hubadilishanwa, kana kwamba kila moja humficha mtenda kwa kiasi kilekile. Makala haya yanaonyesha kuwa sivyo, na kwamba tofauti hiyo ina mizizi katika historia ya lugha za Kibantu.

Kauli ya kutendwa humwondoa mtenda katika nafasi ya kiima, lakini huacha mlango wazi. Mtu anaweza kusema kuwa nyaraka ziliharibiwa na karani, au ziliharibiwa kwa makusudi. Kauli ya kutendeka hufunga mlango huo. Neno ziliharibika halipokei karani kama mtenda, wala halipatani na makusudi. Hupokea sababu tu, kama vile mvua au moto. Njia ya tatu haimwondoi mtenda hata kidogo. Katika waliziharibu, kiambishi wa- ndicho kiima, nacho kinasimamia watu wasiotambulishwa. Hata hivyo, kwa kuwa ni nafsi ya tatu, humtoa msemaji na msikilizaji nje ya tendo. Anayesema ziliharibiwa huenda mwenyewe ndiye aliyeziharibu. Anayesema waliziharibu amekwisha kudai kuwa si yeye.

Njia ya kwanza ni ya kale. A. E. Meeussen, katika ujenzi wake mpya wa sarufi ya Kibantu wa mwaka 1967, aliihesabu kauli ya kutendwa miongoni mwa minyambuliko ya lugha mama. Kiambishi chake kimesalia kuwa -w- katika Kiswahili na pia katika Kinyarwanda, ambamo husemwa igitabo cyasomwe n’umwana, yaani kitabu kilisomwa na mtoto. Lugha hizi mbili zinalingana katika kiambishi na hata katika neno linalomtambulisha mtenda.

Hali ni tofauti upande wa magharibi. Katika lugha nyingi za huko kiambishi hicho kimetoweka, na kazi yake imechukuliwa na miundo mingine. Mfano unaojulikana sana ni wa Kimbundu cha Angola, uliofafanuliwa na Talmy Givón katika miaka ya 1970. Katika Kimbundu, a- ni kiambishi cha kiima cha wingi, kinacholingana na wa- ya Kiswahili, si na a- ya umoja. Sentensi Nzua, aana amumono maana yake ni Yohana, watoto wamemwona. Yohana ametajwa mwanzoni kama mada, na watoto ndio kiima. Watoto wasipotajwa, hubaki Nzua amumono: Yohana, wamemwona. Kufikia hapa muundo haujatofautiana na wa Kiswahili.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito. Kimbundu huruhusu Nzua amumono kwa meme, yaani Yohana ameonwa na mimi. Mtenda sasa ni mmoja, tena ni msemaji mwenyewe, ilhali a- ya wingi haikubadilika. Kiambishi hicho kimepoteza maana ya wao, na kimekuwa alama ya kutendwa. Kiswahili hakijafika huko: wamemwona na mimi haiwezi kumaanisha kuwa mimi ndiye niliyemwona. Kibemba, kinachosemwa Zambia na kusini mwa Katanga jirani na wasemaji wa Kiswahili, nacho hutumia ba- pamoja na mtenda anayetanguliwa na kuli, ingawa hakijaiacha -w- kabisa.

Kipimo kinachotokana na historia hii ni rahisi. Mtafiti anapokutana na kiambishi cha wingi kisicho na mwenyewe, ajaribu kumwongeza mtenda wa umoja, hasa mimi. Akikubalika, muundo huo umekwisha kuwa kauli ya kutendwa. Akikataliwa, bado una wao ndani yake.

Matokeo yake kwa kumbukumbu za kisheria na kiutawala ni ya moja kwa moja. Shahidi wa Kimbundu aliyetumia a- bila kumtaja mtenda hajasema kuwa yeye hakuhusika. Mfasiri akiandika waliziharibu, amemwondolea shahidi lawama ambayo maneno yake hayakuiondoa. Akiandika ziliharibika, amelifuta tendo lenyewe na kuacha ajali. Ziliharibiwa ndiyo inayohifadhi ushahidi ulivyotolewa, kwa sababu huacha swali la nani likiwa wazi kwa mahakama kuliuliza.